Kituo cha kunakili masomo kila Alhamisi: namna ya kumwandikia mkuu wa shule

*"Ninafundisha Fizikia na Hisabati katika shule ya sekondari ya kata wilayani Rungwe. Wanafunzi wengi wamepanga vyumba karibu na shule, na makwao hakuna intaneti. Nataka kumwomba mkuu wa shule aturuhusu tuwe na kituo ambapo mara moja kwa wiki wanafunzi watakuja na simu zao na kupakua masomo kwa waifai ya shule, kila mmoja akichangia shilingi mia mbili za bando. Nilipomdokezea mkuu alisema 'andika, tutaona', na kwa sura yake nadhani atakataa. Niandikeje? Na je, nitangulie kununua rauta kubwa zaidi?"*

Mwalimu, usinunue rauta. Kabla ya kuandika neno lolote, ondoa vitu viwili katika mpango wako: simu za wanafunzi na hizo shilingi mia mbili. Kila kimoja peke yake kinampa mkuu sababu halali ya kukataa. Kanuni za shule zetu zinamkataza mwanafunzi kuwa na simu shuleni, na mkuu anayezikamata simu Jumatatu hawezi kuziruhusu Alhamisi bila kuonekana kigeugeu mbele ya walimu na wazazi. Kuhusu fedha, tangu elimu bila ada ianze kutekelezwa mwaka 2016, mchango wowote unaogeuka kuwa sharti la mtoto kupata masomo ni hatari kwa mkuu kuliko kwako, kwa sababu mzazi akilalamika, atakayeitwa na Afisa Elimu Sekondari kujieleza ni yeye. Hukuikosea sura yake. Lakini kituo chenyewe hakihitaji simu shuleni wala mchango, na hilo ndilo nitakalolieleza kwanza.

Umeunganisha kazi mbili ambazo zinapaswa kutengana. Kazi ya kwanza ni kupakua, yaani kulileta faili kutoka kwenye intaneti hadi kwenye kompyuta moja. Kazi ya pili ni kunakili, yaani kulihamisha faili lile lile kutoka kwenye kompyuta hiyo hadi mikononi mwa wanafunzi. Kupakua kunakula bando na kunategemea mtandao. Kunakili hakuli chochote isipokuwa muda. Tuchukulie fungu la masomo la juma moja lina MB 250 na wanafunzi ni 60. Kila mmoja akipakua lake, shule italipia GB 15 kwa juma. Ukipakua wewe mara moja, pamoja na video ulizozijaribu ukaziacha, utatumia kama GB 1, na waweza kuipakua usiku ukiwa Tukuyu mjini au Uyole, mahali popote penye mtandao wa kuaminika. Shuleni hapahitaji intaneti hata kidogo siku ya kugawa.

Hata kama simu zingeruhusiwa, rauta kubwa isingekusaidia kama unavyotarajia. Waifai si bomba ambalo kila simu inapata lake; ni hewa moja inayotumiwa kwa zamu. Rauta ya kawaida ya masafa ya 2.4 GHz, ikiwa darasani na simu ishirini za bei nafuu, inaweza kutoa kwa jumla kama MB 3 kwa sekunde, na hizo MB 3 zinagawanywa kwa simu zote. Simu ishirini zikihitaji MB 250 kila moja ni MB 5,000, yaani karibu nusu saa ikiwa hakuna inayokatika. Simu moja iliyokaa mbali, yenye antena dhaifu, huwachelewesha wote, kwa sababu inachukua zamu ndefu kutuma kidogo. Wanafunzi sitini ni saa moja na nusu ya foleni, kelele na chaji kwisha, na mkuu atayaona hayo yote kwa macho yake kupitia dirishani.

Badala ya simu, tumia memori kadi. Hapa hali ya wanafunzi wako inakusaidia kuliko unavyodhani. Mwanafunzi aliyepanga geto karibu na shule hurudi kwao Ijumaa jioni au Jumamosi kufuata unga, viazi na maharage ya wiki, na huko nyumbani ndiko iliko simu ya baba, ya shangazi au ya kaka. Simu haina haja ya kuja shuleni. Kadi ndiyo iende nyumbani. Kwa hiyo juma lako litakuwa hivi: Jumatano asubuhi kiongozi wa darasa anakusanya kadi katika bahasha, Alhamisi baada ya vipindi wewe unanakili, Ijumaa kabla ya kutawanyika kila mwanafunzi anasaini na kuchukua yake. Hakuna foleni wala mwanafunzi anayeigusa kompyuta.

Swali linalofuata ni kadi za nani. Nakushauri kwa mkazo kwamba ziwe mali ya shule, zikiazimwa kama vitabu vya maktaba, na namba iliyoandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika. Kituo changu cha kwanza kilitumia kadi za wazazi, na nilijuta. Kuanzia toleo la 6, Android inamruhusu mwenye simu kuiunganisha kadi na hifadhi ya ndani, na kadi ya namna hiyo husimbwa kwa ufunguo unaokaa katika simu ile tu. Ukiichomeka kwenye kompyuta, kompyuta haiitambui na inauliza kama uiandae upya. Nilibonyeza `Format` nikidhani kadi imeharibika. Ilikuwa na picha za msiba wa mama mzazi wa mwenye simu, na hazikurudi. Niliomba radhi nyumbani kwao, nikasamehewa, lakini tangu siku hiyo kadi ya mzazi haiingii kwenye kituo changu. Zaidi ya hayo, kadi ya mzazi ina mambo yake ya faragha ambayo mwalimu hana sababu ya kuyaona, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatudai uangalifu huo hata tunapokuwa na nia njema.

Kuna kikwazo kingine kidogo kinachoweza kuua mpango kimya kimya. Simu nyingi za laini mbili zina kitobo kimoja kinachopokea ama laini ya pili ama kadi, si vyote viwili. Mtoto akitaka kuingiza kadi atalazimika kutoa laini ya mzazi, pengine ile yenye fedha, na mzazi atakataa, nami nisingemlaumu. Dawa yake ni kisoma kadi kidogo chenye kichwa cha OTG, kinachochomekwa mahali pa chaja. Si kila simu inakubali OTG, kwa hiyo usinunue vya wote. Nunua vichache baada ya kuuliza. Ndiyo maana kabla ya barua ninakuomba ufanye uchunguzi wa dakika kumi darasani, kwa karatasi isiyo na jina, wenye maswali matatu: je, mwishoni mwa wiki unafika kwenye nyumba yenye simu unayoruhusiwa kuitumia angalau saa moja, je, simu hiyo ni janja au kitochi, je, kadi inaingia bila kutoa laini? Wahesabu pia wasio na simu kabisa. Takwimu za darasa lako zitamshawishi mkuu kuliko maelezo yoyote kuhusu teknolojia.

Tuseme katika wanafunzi 60 wa Kidato cha Tatu, 34 wana simu janja nyumbani, 15 wana kitochi chenye nafasi ya kadi na 11 hawana chochote. Kwa hao 34 utanakili video, maandishi na sauti. Kwa wale 15 usihangaike na video: kitochi hugoma kucheza video nyingi za kawaida, na hata ikicheza, maandishi ya ubaoni hayasomeki kwenye kioo cha ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Wape sauti za MP3 pamoja na karatasi moja ya michoro na fomula za juma hilo. Wale 11 nitawarudia.

Kadi za GB 8 zinatosha kabisa, na zina faida kwamba simu za zamani na vitochi huzisoma bila shida, kwa kuwa zinatumia mpangilio wa FAT32. Kadi kubwa kuliko GB 32 huja na mpangilio wa exFAT ambao simu nyingi za zamani hazijui. Tatizo la kadi za mitaani ni ughushi: kadi imeandikwa GB 32 lakini ndani ina GB 4, na imechezewa ili idanganye. Inapokea faili zote bila kulalamika, kisha faili zinazozidi uwezo wake halisi zinakuwa na jina na ukubwa sahihi lakini hazifunguki. Mwanafunzi atasema "video haichezi", wewe utadhani simu yake mbovu, na mtalaumiana muhula mzima. Kila kadi mpya ijaribiwe kwa programu ya F3 kwenye Linux, ambayo huijaza kadi yote kisha kuisoma tena:

```
f3write /media/kadi
f3read /media/kadi
```

Kwa kadi ya GB 8 inayoandika MB 4 kwa sekunde, kujaza tu kunachukua zaidi ya nusu saa. Kadi zako 49 zikijaribiwa nne nne, ni jioni kadhaa. Usiruke hatua hii, na ukubaliane na muuzaji, kabla ya kulipa, kwamba kadi itakayoshindwa itarudi. Muuzaji anayekataa sharti hilo amekwisha kukujibu.

Sasa fungu lenyewe. Mwalimu anayeanza hutaka kugawa kila kitu: ensaiklopidia nzima, vitabu mia, video za masomo yote. Usifanye hivyo. Kadi iliyojaa humchosha mwanafunzi akiwa bado anatafuta pa kuanzia, na simu ya shangazi ameazimwa kwa saa moja tu. Fungu zuri la juma ni masomo sita ya dakika kumi kumi, maelezo ya kurasa chache katika PDF, na maswali kumi. Faili zipewe namba mwanzoni, kama `01_Nguvu.mp4` na `02_Msuguano.mp4`, kwa sababu simu huzipanga kwa jina, na kitochi huonyesha herufi chache za mwanzo tu. Mtandao wa milimani hukatika mvua inaponyesha, kwa hiyo pakua kwa amri inayoendelea pale ilipoishia badala ya kuanza upya:

```
wget -c -i orodha.txt
```

Kisha punguza ukubwa wa video. Video ya dakika kumi yenye ubora wa kawaida inaweza kufika MB 80, lakini mwalimu anayeandika ubaoni hahitaji ubora wa filamu. Amri ya kwanza hapa chini inaishusha hadi mistari 360, ambayo nimeona ndiyo ya chini kabisa kwa Hisabati kabla kipeo cha pili hakijageuka doa; ya pili inatoa sauti peke yake kwa ajili ya vitochi:

```
ffmpeg -i a.mp4 -vf scale=-2:360 -crf 28 -ac 1 -b:a 48k b.mp4
ffmpeg -i a.mp4 -vn -ac 1 -b:a 48k a.mp3
```

Sauti ya kiwango hicho hula kama MB 22 kwa saa nzima. Hata hivyo, nakutahadharisha kwamba sauti iliyong'olewa kwenye video ya Hisabati mara nyingi haina maana, kwa kuwa mwalimu husema "hiki tunakileta hapa" huku akionyesha kidole. Rekodi upya dakika tano kwa simu yako, ukitaja kila hatua kwa maneno. Ni kazi ya ziada, lakini wanafunzi wa kitochi watapata somo badala ya kelele.

Kuhusu mahali pa kutoa maudhui, usichanganye kusomeka bure na ruhusa ya kunakili. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka katika maktaba mtandao yake, lakini kuvisambaza kwenye kadi hamsini ni jambo la kuombewa kibali kwa barua ya shule. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haisemi kwamba mwalimu anasamehewa kila kitu kwa sababu hauzi. Video za YouTube nazo masharti yake hayaruhusu kupakuliwa nje ya njia inayotolewa na YouTube yenyewe. Anza na vilivyo salama: maandalizi na rekodi zako mwenyewe na za wenzako, makala za Wikipedia, ambazo leseni yake inaruhusu kunakili kwa kutaja chanzo, na masomo ya Khan Academy yenye leseni huria kwa matumizi yasiyo ya biashara. Hapo utaona sababu nyingine ya kuacha zile shilingi mia mbili: mara unapotoza, "yasiyo ya biashara" inaanza kubishaniwa. Kwa mazoezi, soma taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo Baraza la Mitihani huchapisha kwenye tovuti yake. Zinaonyesha swali kwa swali watahiniwa walikosea wapi, na kutoka hapo unaweza kutunga maswali kumi yako mwenyewe ya juma.

Siku ya kunakili, chomeka visoma kadi vinne kwenye kigawanyo cha USB. MB 250 kwa MB 4 kwa sekunde ni kama dakika moja. Ukiongeza kuchomeka, kuchomoa na kuandika daftarini, kila mzunguko wa kadi nne unachukua dakika nne. Kadi 49 ni mizunguko 13, yaani chini ya saa moja. Kosa linalowapata karibu wote, mimi nikiwamo, ni kuchomoa mapema. Kompyuta hupokea faili kwenye kumbukumbu yake ya muda, inatangaza kwamba imemaliza, huku bado inaendelea kuandika kwenye kadi. Katika shule moja wilayani Mufindi niliwahi kugawa kadi arobaini kwa fahari, na Jumatatu nikaambiwa nusu yake zina faili tupu. Tangu hapo sichomoi kabla amri ya `sync` haijarudi na kompyuta haijasema kadi iko salama kutolewa:

```
rsync -rt --modify-window=1 /home/kituo/wiki03/ /media/kadi/MASOMO/
sync
umount /media/kadi
```

Kisha chomeka tena kila kadi ya tano na ufungue faili la mwisho. Likicheza, zilizotangulia karibu zote ni nzima.

Kompyuta ya kituo ina sharti moja ambalo mkuu hatalitamka lakini atalifikiria, nalo ni usalama wa mitihani. Kadi zinazotoka kwenye simu hamsini huleta virusi, hasa vile vinavyoficha mafolda na kuweka njia za mkato badala yake. Kompyuta inayotunga na kuchapa mitihani ya shule au kuhifadhi alama isiguse kadi hizi hata mara moja. Tafuta kompyuta mpakato ya zamani, hata yenye kioo kilichopasuka, uiwekee Linux, na iwe haina kitu kingine isipokuwa masomo. Virusi hivyo vimeundwa kwa ajili ya Windows na haviendeshi kitu kwenye Linux. Kompyuta mpakato pia ina betri yake, na umeme ukikatika katikati ya kunakili hutapoteza kadi nne kwa mpigo. Andika waziwazi katika barua yako kwamba kompyuta ya kituo haitumiki kwa mitihani wala alama. Nimeona wakuu wawili wakilegea walipoisoma.

Sasa barua. Isizidi kurasa mbili, ipitie kwa mwalimu wa taaluma, na iombe jaribio la juma nane badala ya kituo cha kudumu. Chagua Kidato cha Tatu. Kidato cha Nne wana mtihani wa taifa Novemba, na mkuu hatakubali kuwajaribia kitu. Omba kuanza Februari, darasa likishatulia. Usitumie neno "kupakua" wala "waifai" katika kichwa cha barua, kwa kuwa yote mawili yanaleta picha ya simu. Sehemu ya katikati inaweza kusomeka hivi:

*YAH: OMBI LA KUENDESHA KITUO CHA KUNAKILI MASOMO KWA MAJARIBIO YA JUMA NANE, KIDATO CHA TATU*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninaomba kibali cha kuwaazimisha wanafunzi 49 memori kadi za shule zenye masomo ya Fizikia na Hisabati ya juma husika, wazitumie nyumbani mwishoni mwa juma. Hakuna mwanafunzi atakayeleta simu shuleni. Hakuna mchango wowote utakaoombwa kwa mwanafunzi au mzazi. Kunakili kutafanywa nami Alhamisi saa 9:30 hadi saa 11:00 alasiri, kwa kompyuta isiyotumika kwa mitihani wala alama. Orodha ya maudhui ya kila juma itawasilishwa kwa mwalimu wa taaluma Jumanne, naye ana mamlaka ya kuondoa chochote. Iwapo kadi zaidi ya kumi zitapotea, au simu hata moja ikikamatwa shuleni kwa kisingizio cha kituo hiki, nitasimamisha shughuli siku hiyo na kutoa taarifa kwa maandishi.*

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mkuu anaogopa kukubali jambo ambalo hataweza kulisimamisha bila kumuaibisha mwalimu, nawe umemkabidhi breki. Kwenye bajeti andika vitu na idadi: kadi 55 pamoja na za akiba, visoma kadi vinne, kigawanyo cha USB, visoma vya OTG kumi, bando la GB 1 kwa juma kwa majuma nane, na rimu moja ya karatasi. Ambatisha ankara kifani tatu kutoka kwa wauzaji wa Tukuyu au Mwanjelwa zenye bei za wiki hiyo. Mkuu ndiye atakayejua kama zitabebwa na ruzuku ya uendeshaji au zipelekwe kwenye bodi ya shule, usimwamulie. Mzazi au mhitimu wa shule anayetaka kutoa kadi azitoe kwa shule na apewe stakabadhi, zisipite mfukoni mwako.

Usiahidi kwamba ufaulu utapanda. Juma nane hayatoshi kuonyesha hilo, na ukiahidi utahukumiwa kwalo. Ahidi kupima mambo mawili. La kwanza ni kadi ngapi zimerudi Jumatano zikiwa nzima. La pili ni swali moja la Jumatatu asubuhi, linalojibika na aliyefungua fungu la juma hilo peke yake; kwa mfano, katika rekodi yangu, jiwe liliteleza kwenye ubao wa mti gani? Kama katika juma la nne chini ya nusu ya wenye kadi wanajibu, tatizo ni fungu au muda wa simu nyumbani. Waulize faraghani kabla ya kuongeza video.

Kuna njia nyingine mbili ambazo mkuu anaweza kukuuliza. Kama shule ina chumba cha kompyuta kinachofanya kazi, programu za Kolibri na Kiwix zinaweza kuweka maktaba kubwa kwenye kompyuta moja, na nyingine zikaisoma kwa waya bila intaneti. Kolibri ina hata sura ya Kiswahili. Ni njia nzuri kuliko yangu kwa wanafunzi wa bweni. Kwa waliopanga mageto, ambao jioni wako kwenye kupika na kuchota maji, maktaba iliyofungwa shuleni saa kumi na moja haiwafikii. Njia ya pili ni kuchapa tu. Kwa Hisabati, nakiri bila kinyongo, karatasi mbili zenye mifano iliyokokotolewa vizuri mara nyingi huishinda video, na kama fedha inatosha kitu kimoja tu, ningechagua karatasi.

Hilo linanirudisha kwa wale 11. Kituo hiki hakiwahudumii, na ukikaa kimya kuhusu hilo, pengo kati yao na wenzao litapanuka kwa mkono wako. Wape karatasi ile ile ya vitochi ikiwa na maelezo kamili zaidi, na omba katika barua kwamba Jumanne saa tisa na nusu wasikilize na kutazama fungu kwenye kompyuta ya kituo, pamoja na yeyote atakayependa, ili lisiwe kundi la maskini lenye jina. Usiwapange kwenda kutazama kwa rafiki, hasa wasichana na hasa jioni. Mkuu atakuuliza hilo, na atakuwa sahihi.

Yapo mambo ambayo usiyamalize kwa kusoma majibu kama haya. Kabla ya kubadilisha mfumo wa kompyuta yoyote yenye namba ya mali ya serikali, nenda kwa Afisa TEHAMA wa halmashauri ukiwa na namba hiyo, kwa sababu mashine nyingine haziruhusiwi kufutwa hata zikiwa zimekaa stoo. Kama soketi za chumba unachokitaka zinatoa cheche au bati la kompyuta linakupiga shoti kidogo, usianze hadi fundi umeme apime waya wa ardhi. Na kadi ikirudi na picha au video chafu, usiionyeshe ofisini wala usimhoji mtoto mbele ya wenzake: itenge, iandike namba yake, umkabidhi mwalimu wa malezi mkononi siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda aliyeiweka si mwanafunzi, na nyuma ya kadi hiyo pengine kuna mtu mzima ambaye mtoto anamwogopa.

Fanya uchunguzi wa darasa juma hili. Ukipata zaidi ya theluthi moja ya wanafunzi wasiofika kabisa kwenye nyumba yenye simu, iweke barua ya kadi kando, uandike ya karatasi na Jumanne.